Memo ya Elfu Sita

Ukiwa na duka la unga Gumbo, upande wa barabara ya Nimule iendayo mpaka wa Uganda, adui yako wa kwanza ni vumbi, wa pili ni matope, na wa tatu ni yule anayefungua mlango mkabala na wako. Resty alikuwa ameshazoeana na wale wawili wa kwanza. Wa tatu alikuwa Makuach, kijana aliyelelewa Kitale akarudi nyumbani na maneno mengi na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kudaiwa kodi ya pango. Asubuhi moja alitundika kibao cha kadibodi nje ya duka lake: mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, pauni laki na elfu tisa.

Resty alikisoma kibao kile akiwa mlangoni kwake, akakisoma tena. Yeye aliuza mfuko huohuo, wa kinu kilekile cha Bweyale kule Uganda, laki na elfu kumi na tano. Kuufikisha dukani, pamoja na lori na ushuru na wapakuzi, kulimgharimu laki moja kamili. Makuach naye hakuwa na njia ya mkato, kwa maana mizigo yao ilikuja na dereva mmoja, Dunstan, na Dunstan hakuwa na bei ya upendeleo hata kwa mama yake. Kwa hiyo kijana yule alikuwa akitupa elfu sita barabarani kwa kila mfuko, tena kwa hiari yake. Resty alikasirika, lakini hasira haikudumu hata chai ikapoa. Kilichobaki ni udadisi, ugonjwa wake wa tangu utotoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na yeye alitaka sana kujua huyu ameunda nini.

Kabla ya kujua, ilibidi aandike memo. Duka lile halikuwa lake peke yake. Nusu ya mtaji ilikuwa ya mdogo wake, Daphine, aliyebaki Bweyale kununua unga na kuupakia. Daphine alikuwa amesomea uhasibu Masindi, na kilichomkaa zaidi katika masomo yale ni neno memo. Bei ya kitu haipandi wala haishuki mpaka Resty aandike memo, aipige picha, aitume, naye ajibu. Resty alizoea kunung'unika kwamba kuna watu waliofungua benki kwa karatasi chache kuliko hizo, lakini aliandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Daphine alimkumbusha methali hiyo kama vile ni yeye aliyeitunga.

Safari hii kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya methali. Daphine alikuwa ameonyeshwa kiwanja karibu na maegesho ya malori, mahali pazuri pa nyumba ya wageni, na mwenye kiwanja alikuwa na haraka. Alimwambia dada yake waziwazi kwenye simu, bila ukali: duka likishindwa kujaza zamu yake kwenye lori mara moja tu, atachukua nusu yake anunue kiwanja. Hakuwa anatisha. Ndivyo alivyoona hesabu. Na Resty alijua kwamba nusu ya Daphine ikiondoka, kitakachobaki hakitajaza hata kona ya lori, na mwanamke wa miaka arobaini na mitano atarudi kuuza chumvi kwa kikombe kama alivyoanza.

Akaketi nyuma ya mizani, akaandika:

"Memo kwa Daphine. Jambo: kufuata bei ya jirani au kushikilia yetu.

Kwa wiki tunauza mifuko arobaini. Kwa bei yetu kila mfuko unaacha elfu kumi na tano. Tukifuata bei yake utaacha elfu tisa. Lakini anayekuja kununua unga haondoki na unga tu, anachukua sukari, mafuta, sabuni, na hivyo vinatuachia kama elfu sita kwa kila mtu. Akihama na unga, amehama na hivyo pia.

Kwa hiyo tukishusha na wote arobaini wakabaki, kila mmoja anatuachia elfu kumi na tano, jumla laki sita. Tukishikilia, kila atakayebaki anatuachia elfu ishirini na moja. Wakibaki ishirini na tisa tumeshapita laki sita. Maana yake wakihama kumi na mmoja bado hatujashindwa. Wakihama kumi na wawili tumeshindwa.

Hatutavuta wateja wake kwa kushusha, maana tutakuwa bei moja. Na yeye anaweza kushuka tena, nasi tushuke tena, mpaka sote tuuze kwa hasara. Ninaona watahama wachache kuliko kumi na mmoja. Nashauri tushikilie."

Aliisoma akaipenda. Hata angeipeleka Masindi kwa waliomfundisha Daphine, wasingepata pa kuweka alama nyekundu. Daphine alijibu baada ya muda, kwa sauti yenye mashaka, kwamba yeye angeshusha; lakini hesabu imesimama, basi na ashikilie kwa wiki moja, ahesabu watakaohama.

Resty alihesabu. Hakuna askari wa mpakani aliyewahi kuhesabu watu kama Resty alivyowahesabu wiki ile. Mteja wake akivuka barabara kwenda kwa Makuach, anaweka alama. Akirudi na mfuko begani, anaweka nyingine. Wauza matofali walihama. Mama mmoja mpika chai alihama, akajifanya hamuoni. Madereva wa bodaboda walihama kwa makundi. Hata hivyo wiki ilipokwisha, waliohama walikuwa kumi tu. Thelathini walibaki, na thelathini mara elfu ishirini na moja ni laki sita na elfu thelathini. Memo ilikuwa imeshinda kwa elfu thelathini. Alimtumia Daphine habari hiyo, akajinunulia samaki wa kukaanga, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

Samaki hakuwa amemalizika Dunstan alipokuja kumwambia kwamba lori linashuka kesho kuelekea mpakani, na kama ana mzigo, shilingi za Uganda ziwe zimefika Bweyale kufikia jioni.

Shilingi zilinunuliwa kwa wabadilishaji wa pesa waliokaa na viti vyao vya plastiki karibu na daraja. Resty aliwafungulia simu yake, iliyojaa pesa mpaka ikamfurahisha kuitazama. Yule aliyemzoea, mzee Matiya, akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba tangu noti ziadimike mjini, hawachukui pesa ya simu. Wanaowauzia shilingi wanataka karatasi mkononi. Zamani ukitoa pesa ya simu upewe noti, unakatwa kidogo tu, hata hukioni. Sasa noti zenyewe hazionekani. Resty alirudi akafungua kasha la fedha. Mlikuwa na noti za mifuko kumi. Alihitaji za mifuko thelathini.

Akakaa juu ya gunia la maharage, akaanza kuwapitisha kichwani wale kumi waliohama. Wauza matofali. Mama wa chai. Watu wa bodaboda. Akawapitisha na waliobaki: walimu, wauguzi, walinzi wa mashirika, wake wanaotumiwa pesa na waume walio mbali. Hapo moyo ulimshuka kweli. Wale kumi wote walikuwa watu wa noti, na waliobaki karibu wote walikuwa watu wa simu. Wiki nzima alikuwa akihesabu vichwa, hakuangalia walilipa kwa nini.

Kuna mila Gumbo isiyoandikwa kwamba mwenye duka haingii duka la mshindani wake. Anayeingia amekubali kwamba kwake hakuna kitu. Resty aliivunja mila hiyo mchana kweupe. Alifunga kitambaa vizuri, akavuka barabara, na watu wa bodaboda wakageuka wamwone. Mwenda bure si mkaa bure, alijiambia, ingawa miguu haikutaka kumsikia.

Makuach aliinuka akamvutia kiti. Resty hakukaa.

"Mimi nataka mfuko moja ya unga," alisema. "Nalipa na simu."

"Auntie, simu hapana," Makuach alisema kwa adabu. "Hapa ni noti pekee. Hata angekuwa ndugu yangu, ningemwambia hivyo."

"Kwenye kibao hukuandika."

"Hakuna aliyeuliza. Wenye simu wako kwako, wameshazoea."

Resty aliangalia rafu zake. Hazikuwa na maajabu yoyote. Unga uleule, sukari ileile, sabuni ileile. Udadisi ukaishinda aibu, akamuuliza bila kuzunguka anapata faida gani kwa bei ile.

Makuach alicheka kidogo, si kwa dharau. Alionekana kama mtu aliyengoja muda mrefu aulizwe. "Mimi siuzi unga, auntie. Mimi nanunua noti. Unga ndio bei yake."

Akamweleza kila kitu, kama kijana anavyoeleza mchezo aliocheza vizuri. Sukari, mafuta, kodi ya duka, vyote analipa kwa simu, na wakubwa wa mjini wanapokea. Ni mzigo wa Uganda tu unaotaka noti. Hivyo anashusha unga ili noti za Gumbo zije kwake. Za mzigo wake wa lori anaziweka kwanza. Zinazobaki anaziuza: ukitaka noti za laki moja, unamtumia kwa simu laki na elfu kumi. Na wateja wa noti hakosi.

Resty aliomba kiti alichokuwa amekikataa. Alihesabu kichwani, na hakupenda alichokiona. Mfuko aliouza laki na elfu kumi na tano kwa simu, akitaka kuugeuza noti kwa bei ya Makuach, unampa laki na elfu nne na nusu, na kidogo juu yake. Toa laki ya mzigo. Elfu kumi na tano yote aliyoiandika kwenye memo ilikuwa elfu nne na nusu. Pesa ya kodi na sukari ilikuwa sawa, ile ingelipwa kwa simu. Lakini hiyo alishakuwa nayo ya kutosha, na kila mfuko wa ziada ulimwachia pesa isiyofika Bweyale. Na yule mteja wa noti aliyemwacha aende ili asipoteze elfu sita angempa elfu tisa safi. Memo yake haikukosea kuzidisha wala kutoa. Ilikuwa imezidisha vitu viwili tofauti na kuviita kwa jina moja.

"Unazo za mifuko ishirini?" aliuliza.

Alikuwa nazo. Resty alituma kwa simu milioni mbili na laki mbili, akapokea noti za milioni mbili, nyingine bado zina harufu ya kasha lake mwenyewe. Laki mbili zilikuwa zimekwenda kwa dakika moja, ili kulinda ushindi wa elfu thelathini. Alimshukuru Makuach, kwa sababu ilikuwa haki kumshukuru, akapeleka noti darajani kwa Matiya, na shilingi zikafika Bweyale kabla ya jioni. Zamu ya lori ilijaa. Daphine hakuwa na sababu ya kuuliza kitu.

Hapo ndipo Resty angeweza kunyamaza, na watu wengi wangenyamaza. Badala yake aliketi tena nyuma ya mizani, akaandika memo ya pili, na ilimuuma kuliko ya kwanza. Aliandika kwamba ya kwanza ilikuwa sahihi kwa hesabu na mbovu kwa akili. Aliandika laki mbili zilikokwenda. Kisha akashauri: bei mbili. Kwa noti, laki na elfu tisa, sawasawa na jirani, ili watu wa noti wasiwe na sababu ya kuvuka barabara. Kwa simu, laki na elfu kumi na tano ileile ya zamani.

Daphine alipiga simu badala ya kuandika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya juu ya memo. Hakumkaripia. Huku lori likiunguruma nyuma yake, alisema bei ya noti ni sawa, ifuatwe leo. Lakini bei ya simu, kwa nini isipande? Kama noti ya laki na elfu tisa kwa simu ni karibu laki na elfu ishirini, basi bei ya simu iwe laki na elfu ishirini. Watu wa simu wataenda wapi? Makuach hawapokei.

Resty alijua mdogo wake amesema kweli. Kila mfuko wa simu ungemwachia elfu tisa, kama wa noti, na wasingekuwa na pa kulalamika. Ni hilo lililomkereketa, kwamba hawakuwa na pa kwenda. Hawa ndio waliobaki wakati bei ya ng'ambo ya barabara ilikuwa chini kwa elfu sita. Ni kweli kwamba wengine walibaki kwa kukosa noti, wala hakujidanganya kwamba wote walimpenda. Hata hivyo walibaki.

"Ya simu nashikilia," alisema. "Sina hesabu yake. Nimekwambia kweli juu ya nyingine, na hii pia nakwambia kweli."

Daphine alimwambia aandike hivyohivyo kwenye memo, kwamba hana hesabu yake, ili baadaye wasisumbuane. Akaandika. Jibu likaja: kwa mwezi mmoja.

Bei mbili ziliandikwa kwa chokaa ubaoni, na kabla ya saa sita mama wa chai alikuwa amerudi, safari hii akiwa amemwona Resty vizuri kabisa. Watu wa bodaboda wakarudi wawili, kisha wanne. Kasha likaanza kuwa na sauti ya karatasi. Resty alikuwa katika furaha hiyo Nyamuoch alipoingia.

Nyamuoch alikuwa muuguzi katika zahanati ya jirani, amekulia Nakuru, analipwa kwa simu mwisho wa mwezi, na tangu duka lifunguliwe hajawahi kununua unga kwingine. Alisoma ubao kutoka juu hadi chini. Uso wake ukabadilika.

"Dada Resty, nielewe hii vizuri," alisema. "Waliokukimbia wamerudi, wanapewa ya chini. Mimi sikukukimbia, napewa ya juu."

Resty alijaribu kumweleza juu ya noti na lori na wabadilishaji wa darajani, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kusikika kama ya mwizi aliyesoma. Alijisikia vibaya, vibaya sana. Hangeweza kusema kwamba ni yeye aliyezuia bei isipande zaidi. Mwenye duka akisema hivyo, nani atamsadiki? Nyamuoch alimsikiliza mpaka mwisho, akasema basi kalas, yamekwisha, atatafuta noti alipe kama wengine. Akatoka akavuka barabara.

Resty alibaki amesimama na kibaba cha unga mkononi. Kati ya wote thelathini, huyu ndiye ambaye hakutaka kumhesabu.

Alimwona Nyamuoch akizungumza na Makuach mlangoni. Alimwona Makuach akionyesha kwa kidole simu, kisha ubao wa Resty, kisha akishika kiuno na kucheka. Nyamuoch hakucheka. Alisimama kidogo pale jua likimpiga, akafungua simu yake akapiga hesabu, akaifunga. Kisha akavuka tena barabara, akaingia, akasimama mbele ya mizani bila kuangalia ubao.

"Noti za mfuko mmoja anataka laki na elfu ishirini kasoro mia," alisema.

"Najua."

"Anasema na wewe ungefaa unitoze hiyo hiyo. Anasema auntie wa ng'ambo ni mtu mzuri, lakini hesabu hajui."

Nyamuoch alikuwa ameshaanza kubonyeza simu, na uso wake ulikuwa umelegea, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, au pengine ni vumbi, Gumbo huwezi kujua.

"Nimetuma laki na elfu kumi na tano," alisema. "Angalia kama imefika."

Ilikuwa imefika. Resty alimsaidia kuinua mfuko, wakaushika pande zote mbili mpaka nje, ingawa Nyamuoch alikuwa na nguvu za kutosha kuubeba peke yake.